Jina la shahidi: kulitaja, kulificha, au kuendesha shauri bila kulihitaji

Mchumaji wa chai anayemlalamikia karani wa mizani hana pa kujificha. Kambini wanaishi safu moja ya nyumba, wanachota maji bomba moja, na Jumapili wanakutana kanisani. Kwa hiyo afisa utumishi anapomwambia, "Usiogope, jina lako halitatoka," anaahidi jambo lisilo mikononi mwake. Upande wa pili yupo karani, ambaye anaweza kupoteza kazi na nyumba ya kambi kwa maneno ya watu asiowajua. Wote wawili wana haki, na ofisi inapaswa kujua inafuata njia gani kabla haijaandika maelezo ya shahidi wa kwanza.

Njia ninazoziona zikitumika ni tatu. Ya kwanza ni kumtaja shahidi kwa mtuhumiwa na mwakilishi wake, halafu kumlinda kwa masharti. Ya pili ni kulificha jina hata ndani ya kikao, mtuhumiwa akapewa maelezo ya "Shahidi A" yaliyozibwa wino. Ya tatu ni kuyachukua maneno ya shahidi kama fununu tu, kisha kulijenga shauri juu ya daftari, kadi na vielelezo vingine visivyo na woga. Ofisi nyingi hukimbilia ya pili kwa sababu inaonekana ya huruma. Kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu mashauri mengi kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza sheria, maana hapa ndipo uchaguzi unapoanza kubanwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili mtu anapoachishwa kazi: kwamba sababu ni halali, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Utaratibu wenyewe umeandikwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, kanuni ya 13. Inaanza na uchunguzi. Kisha mfanyakazi ajulishwe tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Na ndani ya kikao, ushahidi wa mwajiri utolewe mbele ya mtuhumiwa, naye apate nafasi ya kujibu, ya kumhoji shahidi yeyote aliyeitwa na mwajiri, na ya kuita mashahidi wake.

Hayo maneno, kumhoji shahidi, ndiyo yanayoibana njia ya pili. Huwezi kumhoji karatasi. Shahidi A akisema alimwona karani akipokea pesa nyuma ya banda la mizani, karani anahitaji kujua ni nani ili aulize alikuwa amesimama wapi, kama wana ugomvi wa zamani, kama siku hiyo alikuwepo kazini hata kidogo. Ukimnyima hayo, umemnyima utetezi wenyewe.

Sasa tuchukue shauri moja, la kutungwa lakini lenye mambo ya kawaida kabisa ya mashamba ya huku kwetu. Kundi la wachumaji thelathini hivi linapimiwa majani mara mbili kwa siku, na karani anaandika kilo za kila mmoja kwenye karatasi ya mizani kwa namba ya kadi. Wachumaji wawili wanakuja ofisini kimyakimya. Wanasema karani anawapunguzia kilo. Mmoja wao, akibaki peke yake, anaongeza jambo zito zaidi: karani alimwambia kilo zake zitakuwa kamili akikubali kwenda kwake usiku.

Hizo ni tuhuma mbili dhidi ya mtu mmoja, na kosa la kwanza la ofisi nyingi ni kuzichukulia kama kitu kimoja. Moja inaweza kusimama bila shahidi. Nyingine haiwezi.

Tuanze na kilo. Karani akipunguza kilo bila kuziandika popote, hapati kitu. Kampuni ndiyo inayofaidika, na jumla ya shamba itakuwa pungufu ukilinganisha na mzani wa kiwanda. Majani mabichi hupoteza maji njiani, kwa hiyo kiwanda kikisoma zaidi ya shamba mara kwa mara, kuna kitu. Lakini karani mwenye akili hafanyi hivyo. Anakata kilo mbili huku, tatu kule, na kuziweka kwenye kadi ya mtu wake, kisha wanagawana siku ya malipo. Jumla inalingana na kiwanda vizuri kabisa, na ndiyo maana ofisi haikuona chochote.

Wizi wa namna hiyo unaacha alama mahali pengine. Mnyapara ana daftari la mahudhurio, na analijaza asubuhi kabla karani hajafika na mizani. Ukiweka daftari la mahudhurio na karatasi za mizani sambamba, siku kwa siku kwa mwezi mmoja, utakuta kadi fulani imeandikiwa kilo 34 siku ambayo mwenye kadi amewekewa alama ya kutokuwepo. Kesho yake kilo 37, hayupo tena. Ikitokea siku moja, huenda mnyapara alikosea au mtu alichelewa. Ikitokea siku tisa ndani ya mwezi, kwenye kadi ileile, kwa mwandiko uleule, shauri limeshasimama na hakuna mchumaji aliyetajwa.

Hiyo ndiyo njia ya tatu. Wale wawili walikufikisha mlangoni, lakini ushahidi ni karatasi. Karani anapewa nakala za kurasa zote mbili, anaruhusiwa kuyaona madaftari halisi, anaweza kudai mnyapara aitwe na kumhoji, na anaweza kueleza kwamba mwenye kadi alikuja mchana. Anaona kila kitu kinachotumika dhidi yake. Aliyeinong'oneza ofisi hana haja ya kumjua, kwa sababu neno la mnong'onezaji halitumiki.

Tahadhari moja hapa. Usiandike kwenye ripoti ya uchunguzi, "Kufuatia malalamiko ya wachumaji wawili wa kundi hili…" Umeshawataja nusu. Andika kwamba ofisi ililinganisha kumbukumbu za mwezi fulani, maana ndicho ulichofanya. Na usianze kulinganisha siku ileile wachumaji walipoonekana wakitoka ofisini. Chukua madaftari ya makundi matatu au manne kwa pamoja, kama ukaguzi wa kawaida. Itakuchukua siku zaidi, lakini hakuna atakayehesabu nani aliingia ofisini lini.

Tuhuma ya pili ni ngumu. Karani na mchumaji walikuwa wawili tu, au karibu wawili tu. Hakuna karatasi. Neno lake ndilo shauri lote. Hapa njia ya tatu haipo, na njia ya pili ni kujidanganya, kwa sababu karani akisoma "Shahidi A anadai ulimwambia aje kwako usiku ili kilo zake ziwe kamili", ama atamjua papo hapo, ama kweli hatamjua na hataweza kujibu. Akimjua, hujaficha kitu. Asipomjua, hujamsikiliza. Inabaki njia ya kwanza: jina linatajwa kwake na kwa mwakilishi wake, na ulinzi unatoka kwenye masharti yanayoizunguka siri hiyo.

Masharti hayo yawe ya kweli. Karani anasimamishwa kwa mshahara kamili wakati uchunguzi unaendelea, kabla hajapewa jina. Barua ya kumsimamisha inamkataza kumfuata mlalamikaji, yeye mwenyewe au kwa kumtuma ndugu, na inasema wazi kwamba kukiuka hilo ni kosa la nidhamu peke yake. Mlalamikaji hahamishwi kundi isipokuwa aombe mwenyewe. Ukimhamisha bila kuomba, kambi nzima itasoma kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Maelezo yake yanatolewa nakala mbili zenye namba, moja ya karani na moja ya mwakilishi, na zinarudishwa kikao kikiisha. Kikaoni maswali ya karani yanapita kwa mwenyekiti, naye anazuia ya kudhalilisha bila kuzuia ya msingi. Mlalamikaji anaruhusiwa kuja na dada au mama anayemwamini akae kando yake.

Lakini masharti yasimfunge karani mikono. Nimeona barua zinazomkataza mtuhumiwa "kuzungumza na mfanyakazi yeyote kuhusu suala hili". Basi mashahidi wake atawapataje? Mkataze kumgusa mlalamikaji, na umwachie mwakilishi wake, kwa mfano katibu wa tawi la TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, nafasi ya kuzungumza na wengine.

Kwa kifupi, ukiziweka njia tatu pamoja zinaonekana hivi:

| | Jina linatajwa kwa masharti | "Shahidi A" | Vielelezo badala ya shahidi |
|---|---|---|---|
| Mtuhumiwa anaona | Jina, maelezo kamili, na anamhoji | Maelezo yaliyozibwa, maswali kwa maandishi | Nyaraka zote, na anayezitunza anahojiwa |
| Hatari kwa shahidi | Ipo, inasimamiwa | Kubwa kuliko inavyodhaniwa | Ndogo |
| Hatari kwa shauri | Shahidi kujitoa | Kuonekana si la haki | Nyaraka kutotosha |
| Inafaa | Neno la shahidi ndilo shauri | Shahidi anaongezea tu kilichokwisha thibitika | Tukio lina alama kwenye kumbukumbu |

Safu ya katikati nimeiachia nafasi ndogo, lakini sijaifuta. Kuna wakati shahidi anathibitisha jambo dogo ambalo mtuhumiwa mwenyewe halibishi sana, na ana sababu ya kweli ya kuogopa. Hapo mwenyekiti alijue jina, aandike kwenye mwenendo kwa nini limefichwa, na mwakilishi wa mtuhumiwa aandike maswali ambayo mwenyekiti atamuuliza shahidi faragha na kuleta majibu yote, hata yale yanayomsaidia mtuhumiwa. Kisha maelezo hayo yasibebeshwe uzito kuliko yanavyostahili. Kama ukiyatoa shauri linaanguka, basi hukupaswa kuwa kwenye njia hii.

Na kuziba majina kwenyewe ni kazi inayoharibika kwa urahisi. Watu wanafuta jina na kuacha "nilikuwa mstari wa mwisho karibu na mfereji, na mtoto mgongoni". Kwenye kundi la watu thelathini, mwenye mtoto mgongoni siku hiyo alikuwa mmoja. Maelezo yaliyoandikwa kwa mkono yanatambulika kwa mwandiko; yapigwe chapa. Picha ya ujumbe wa simu ina namba juu yake au picha ya mwenye simu pembeni. Na ukiweka mstatili mweusi juu ya jina kwenye kompyuta kisha ukatuma faili lenyewe, mara nyingi herufi bado zipo chini yake. Mtu anazinakili na kuzibandika kwingine na jina linatokea. Chapisha, ziba kwa wino mzito, toa nakala ya hiyo iliyozibwa, na mpe mtuhumiwa nakala hiyo. Lakini kabla ya kumpa, mpe karatasi hiyo mtu wa shambani asiyehusika na uchunguzi lakini anayewafahamu watu, kama mwenyekiti wa kikao ameridhia, na umuulize ni nani. Akitaja jina bila kusita, hujaziba kitu.

Wakati mwingine tatizo ni kinyume: umeziba mpaka tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa. Kipimo ni rahisi. Je, mtuhumiwa anaweza kusema, "Siku hiyo sikuwa hapo, nilikuwa Mafinga, na huyu ndiye shahidi wangu"? Kama hawezi kwa sababu hajui siku gani, maelezo hayo hayafai kutumika.

Turudi kwenye shauri letu, kwa sababu liliacha jambo moja linalowashinda wengi. Mlalamikaji alikubali kutajwa. Mwenzake, ambaye anasema alisikia maneno ya karani akiwa anafunga mzigo wake, alikataa kabisa. Ni haki yake. Ofisi ikaamua kutoyatumia maelezo yake kwenye tuhuma ya pili. Sawa. Ila mlalamikaji alisema tukio lilitokea Jumatano, na mwenzake alisema Jumanne.

Je, karani ana haki ya kujua hilo? Ndiyo. Hitilafu hiyo inamsaidia, na ofisi haiwezi kuchukua yanayomwumiza ikafungia kabatini yanayomfaa. Lakini ukimpa maelezo ya mwenzake, umemtaja mtu uliyemwahidi kutomtumia. Kilichofaa ni hatua mbili. Kwanza, kurudi kwenye daftari la mahudhurio na karatasi ya mizani kuangalia ni siku ipi wote watatu walikuwepo; ikaonekana ni Jumatano, maana Jumanne kundi lile lilipimiwa na karani mwingine. Pili, kumwandikia mtuhumiwa kwa muhtasari: "Katika uchunguzi, mtu mwingine aliyehojiwa alilihusisha tukio hili na Jumanne. Maelezo yake hayatumiki." Mstari mmoja. Karani anaweza kuutumia kikaoni kadiri apendavyo, na mtu huyo anabaki bila jina.

Kwa hiyo, mtuhumiwa anastahili kupewa nini hasa? Barua ya tuhuma yenye siku, mahali na kitendo. Kila maelezo na kila waraka utakaotumika dhidi yake. Ripoti ya uchunguzi, ikiwa imezibwa pale tu panapohitajika. Ripoti inayosomwa na mwenyekiti lakini haijasomwa na mtuhumiwa ni mlango mpana wa kushindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na chochote kilichopatikana kinachomtetea. Hastahili namba za simu za mashahidi, wanakoishi, habari zao za afya, majina ya waliohojiwa ambao maneno yao hayatumiki, wala jina la aliyetoa fununu ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaiweka ofisi kwenye wajibu wa kuzitunza taarifa za watu hao, kwa hiyo kuziba namba ya simu si hisani, ni kazi yako.

Watu pia huchanganya kikao cha nidhamu na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inahusu anayepeleka taarifa ya uhalifu au uovu kwa mamlaka husika. Kumtaka mtu ngono ili umpe haki yake ya kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mchumaji anaweza kwenda TAKUKURU. Huko kuna taratibu zake za kumlinda. Ofisi yako haiwezi kumwazima ulinzi huo, ila inaweza kumweleza kwamba mlango huo upo, na isimzuie wala kumwadhibu akiupitia.

Hayo yote yanategemea mazungumzo ya mwanzo, kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwenzangu mmoja huyafanya vizuri, nami nayaiga:

"Dada, kabla sijaandika, nikueleze. Nitakayosikia sitamwambia mtu asiyehusika. La kilo nitajaribu kulithibitisha kwa madaftari, jina lako lisihitajike. Lakini hili la pili, likifika kikaoni, yeye ataambiwa ni wewe, na ataruhusiwa kukuuliza maswali mbele ya mwenyekiti."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa sitakulazimisha. La kilo litaendelea. Hili la pili sitaweza kumshtaki nalo kwa neno lako nililolificha."

"Atakuja nyumbani?"

"Akija, au akituma mtu, uniambie siku hiyohiyo. Hilo ni kosa jingine, na tutalishughulikia peke yake."

Kuna wanaojitoa baada ya kuambiwa hivyo, na inauma, kwa sababu unajua karani atabaki na deni ambalo hakulilipa. Lakini aliyedanganywa kwamba hatajulikana, akajulikana siku ya kikao, hubadilisha maelezo au haji kabisa. Hapo umempoteza yeye, umepoteza shauri, na hakuna mchumaji mwingine atakayekuja mlangoni kwako msimu huo.

La mwisho ni la muda, na ndilo linalosahauliwa sana kwenye kazi za msimu. Karani akiachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro kwenye Tume, na shauri lisipoisha kwa usuluhishi litaingia kwenye uamuzi, ambako ushahidi unasikilizwa upya na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Mwamuzi atataka kumwona shahidi mwenyewe, si kusikia kwamba alisema. Wakati huo chai inaweza kuwa imepungua kwa baridi na mlalamikaji amerudi kwao Njombe au Makete. Kwa hiyo siku ya kikao, muulize atapatikana wapi miezi ijayo na umwambie kwamba anaweza kuitwa tena Iringa. Jibu lake, pamoja na orodha inayoonyesha Shahidi A ni nani kama iliwahi kuwepo, vikae kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na mwenyekiti, mbali na jalada la karani. Madaftari halisi ya mahudhurio na karatasi za mizani za mwezi ule nayo yaondolewe stoo ya shamba siku hiyohiyo. Huko yanaoza, au yanapotea.